UZI: Apu ipi nzuri ya kutafuta skolashipu na kufuatilia maombi ya vyuo vya nje? Nina GPA 3.8, nataka masta

BintiNyakato (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, nina shahada ya takwimu, GPA 3.8, na nina mwaka mmoja na nusu kazini kwenye mradi wa maji. Nataka masta nje, hasa Ujerumani au Uingereza, na lazima iwe kwa ufadhili maana nyumbani hakuna wa kunilipia.

Nimepakua apu nne Play Store. Moja kila skolashipu inaniandikia "94% match", hata ya udaktari wa mifugo. Nyingine inatuma arifa mpaka saa nane za usiku. Mbili zina sehemu ya kufuatilia maombi, lakini ukizidisha maombi matatu zinataka ulipie kila mwezi. Sasa wenye uzoefu, ipi nibaki nayo? Na kama kuna namna ya bure isiyo na kelele, nielekezeni.

Kaka_Mpwapwa
Dada pakua Scholly, ongeza na Fastweb. Unajaza wasifu mara moja tu, inakuchagulia yenyewe. Mimi nilijaza asubuhi, jioni nina orodha ambayo sijaimaliza hadi leo. Mambo ya kuzurura Google yamepitwa na wakati.

laptopu_ya_mkopo
@Kaka_Mpwapwa na kwenye orodha hiyo umepata ngapi?

Kaka_Mpwapwa
Bado naomba, mkuu. Orodha ni ndefu.

MzeeWaFomu
Kaka, orodha yako ni ndefu kwa sababu haikuchujwa kwa swali la kwanza kabisa, yaani wewe ni raia wa wapi na unaishi wapi. Scholly na Fastweb ni programu nzuri, lakini zilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa Marekani. Scholly ilinunuliwa na Sallie Mae mwaka 2023, na hao ni kampuni ya mikopo ya wanafunzi ya huko huko. Ufadhili mwingi uliomo ni wa dola mia tano, elfu moja, kwa raia au mkaazi wa Marekani anayesoma Marekani. Fungua wowote kwenye orodha yako, shuka mpaka kwenye masharti, utakuta "U.S. citizen or permanent resident". Ukishaona hiyo mara tatu mfululizo, futa apu.

@BintiNyakato nipo Ujerumani, na kila msimu huwasaidia wadogo zangu wa chuo kupanga maombi, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo. Kwanza tenganisha kazi mbili. Kutafuta majina ya skolashipu ni kazi moja, kufuatilia maombi ni nyingine kabisa. Kwa kutafuta, hifadhidata ya DAAD, lile shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, na Mastersportal kwa kozi za Ulaya zinatosha kukupa majina. Ukishapata jina, toka humo na uhamie kwenye tovuti ya wenye skolashipu. Usisome tarehe wala sharti lolote kupitia mtu wa kati.

Apu nyingi za Play Store zenye neno "scholarship" ni blogu tu iliyovalishwa ngozi ya apu ili ioneshe matangazo. Namna ya kuzitambua: bonyeza "Apply Now". Ikikupeleka kwenye ukurasa mwingine wa apu hiyo hiyo wenye "Apply Now" nyingine, ujue hakuna kitu hapo.

Na hiyo 94% yako nina wasiwasi nayo. Apu ilikuuliza GPA yako ni ya kati ya ngapi?

BintiNyakato
Haikuuliza. Kulikuwa na kisanduku kimoja tu cha GPA, nikaweka 3.8.

MzeeWaFomu
Ndiyo hapo. Kisanduku kile kinadhani upeo ni 4.0 kama Marekani. 3.8 ya 4.0 ni mwanafunzi wa daraja la juu kabisa. Kwetu upeo ni 5.0, na 3.8 ni Upper Second, inayoanzia 3.5 hadi 4.3. Ni matokeo mazuri, ila ni mtu tofauti na yule apu inayemtafutia.

Sasa tuipeleke Ujerumani. Vyuo vya huku hutumia kanuni wanayoiita ya Bavaria, ambapo 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya mwisho kufaulu. Unachukua upeo, unatoa alama yako, unagawa kwa tofauti ya upeo na alama ya chini ya kufaulu, unazidisha kwa 3, unaongeza 1. Kwako, kwa upeo wa 5.0 na alama ya kufaulu ya 2.0:

```
=1+3*(5-3.8)/(5-2)
```

Jibu ni 2.2. Kozi nyingi za masta huku huandika kwamba zinataka 2.5 au bora zaidi, kwa hiyo mlango uko wazi. Kozi ikiandika 2.0, achana nayo, kila ombi lina gharama. Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kama apu inavyodhani, upeo 4.0 na kufaulu 2.0: unapata 1.3. Kwa 1.3 kozi karibu zote zinakukubali, ndiyo maana kila kitu kwako ni 94%.

Kaka_Mpwapwa
Sasa si abadilishe tu mwenyewe? 3.8 gawa kwa 5 zidisha kwa 4, anapata 3.04, anaiandika hiyo kwenye fomu.

MzeeWaFomu
Kwenye kisanduku cha apu ya kutafutia, aandike 3.04, hakuna ubaya, itapunguza takataka. Kwenye fomu ya chuo, hapana. Pale anaandika 3.8 na upeo 5.0 kama ilivyo kwenye transkripti. Ukiandika namba isiyoonekana kwenye transkripti yako, anayekagua ataona vitu viwili visivyofanana.

laptopu_ya_mkopo
Swali kwa mzee. Hiyo 2.0 ya kufaulu umeitoa wapi? Kuna jamaa yangu chuo kimoja huko kilimpa matokeo mabaya kuliko hesabu yake mwenyewe.

MzeeWaFomu
Nimeitoa kwenye maelezo ya madaraja yanayochapwa nyuma ya transkripti, ambako Pass huanzia 2.0. Lakini uko sahihi, neno la mwisho ni la ofisi ya udahili ya chuo husika, na nimeona vyuo viwili vikimpa mtu mmoja namba mbili tofauti. Kwa hiyo 2.2 ichukulie kama kipimo cha kuamua uombe wapi. Usiende kuwabishia nayo.

Elimu_Bila_Mipaka_TZ
Habari wadau. Kwa nini mteseke? Sisi tunafanya yote, kutafuta, kujaza fomu na kufuatilia. Tsh 250,000 tu, mnakaa mnasubiri viza. Njoo PM.

laptopu_ya_mkopo
@Elimu_Bila_Mipaka_TZ akaunti ya maombi mnafungua kwa imeli ya nani?

Elimu_Bila_Mipaka_TZ
Yetu, ili mteja asisumbuke na ujumbe mwingi.

laptopu_ya_mkopo
Nilijua. Mdogo wangu alipitia kwa wakala mmoja namna hiyo. Chuo kikaomba karatasi moja iliyopungua, ujumbe ukaingia kwenye imeli ya wakala, na wakala hakuufungua. Mtoto akagundua dirisha likiwa limeshafungwa. Dada, ulipe au usilipe mtu, imeli na nywila ziwe zako.

mama_wa_Thika
Hamjambo. Nimefurahia huu mjadala. Binti yangu alifanya KCSE mwaka jana, alipata A-, anataka kusomea uhandisi ng'ambo. Hii kanuni ya Bavaria nitaitumiaje na A-? Na je, hii apu ya Common App ni ya kweli ama ni matapeli?

MzeeWaFomu
Mama, kanuni hiyo ni ya wanaokwenda na shahada, ya binti yako tuiache. Common App ni ya kweli kabisa, ni mfumo wa kuombea shahada ya kwanza, zaidi vyuo vya Marekani, unaweza kuweka hadi vyuo 20 kwenye akaunti moja. Ila kumbuka ni mlango wa udahili. Msaada wa fedha una fomu zake pembeni kwa kila chuo, na hizo zina tarehe zake ambazo si lazima zifanane na za udahili.

msomi_Kakamega
@mama_wa_Thika pia angalia Stipendium Hungaricum, serikali ya Hungaria inalipia hata shahada ya kwanza na Kenya imo. Lakini sikiza, huko kuna milango miwili. Unajaza kwenye mtandao wao, na papo hapo ni lazima nchi yako ikuteue, kwetu hilo linapitia wizara ya elimu na lina tangazo lake na tarehe yake. Miaka ya karibuni mtandao umekuwa ukifungwa 15 Januari saa nane mchana ya kule, ambayo kwetu ni saa kumi jioni. Kuna watu huona "Submitted" kwenye skrini wanatulia, kumbe upande wa wizara hawajapeleka chochote, na jina lisipotoka huko ombi haliendi popote. Hakuna apu nimeiona inaonyesha huo mlango wa pili.

mama_wa_Thika
Asante sana, hilo la wizara sikulijua. Nitarudi na maswali.

BintiNyakato
Nimewapata. Nikaondoa apu tatu, nikabaki na moja ya kusomea majina. Orodha yangu sasa ni Chevening ya serikali ya Uingereza, DAAD EPOS ya kozi za masuala ya maendeleo, na kozi mbili za kawaida za Ujerumani zinazopitia uni-assist, ile ofisi inayokagua maombi kwa niaba ya vyuo. Nifuatilie kwa kutumia nini basi?

Kaka_Mpwapwa
Chevening itoe. Wanataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, wewe una mwaka na nusu.

MzeeWaFomu
Hapa kaka kasoma kichwa cha habari akaacha habari. Chevening wanasema miaka miwili, lakini wanaihesabu kwa saa, na saa zenyewe ni 2,800. Binti akifanya kazi saa 40 kwa wiki, 2,800 gawa kwa 40 ni wiki 70. Mwaka na nusu ni wiki 78. Ameshavuka, na kama alijitolea mahali au alifanya mafunzo kazini navyo vinahesabika. Achukue mkataba wake aone saa zilizoandikwa. Kama ni 35 kwa wiki, wiki 70 zinageuka 80, na atakuwa bado kidogo.

EPOS ndiyo inayombana. Ile inataka miaka miwili kamili ya kazi baada ya shahada, na shahada isiwe imezidi miaka sita. Miaka miwili inahesabiwa mpaka siku gani, hapo soma karatasi ya kozi yenyewe, maana EPOS unaomba kwa kozi na kila kozi ina tarehe yake. Mimi ningeiweka kwenye jedwali kwa msimu ujao, nisiifute.

Ona sasa, apu ilikupa asilimia ile ile kwa zote mbili, wakati moja unastahili leo na nyingine bado.

Kuhusu cha kufuatilia: Google Sheets. Ni bure, inafunguka kwenye simu, na hakuna anayekutoza ukizidisha maombi matatu. Notion na Trello ni nzuri kwa macho, lakini hapa kinachotakiwa ni hesabu ya tarehe, na jedwali ndilo linalojua kuhesabu.

Kosa la kwanza watu hufanya ni kuandika "Chevening" mstari mmoja. Chevening ni mistari minne. Mmoja wa skolashipu, na mitatu ya kozi tatu unazozichagua, kwa sababu vyuo unaviomba wewe mwenyewe kando, na usipokuwa na barua ya kukubaliwa isiyo na masharti kufikia Julai, ufadhili unaupoteza hata kama usaili ulipita. Uni-assist nayo kila kozi ina mstari wake na safu ya ada. Kozi ya kwanza ni yuro 75, kila inayoongezeka muhula huo huo ni yuro 30, kwa hiyo kozi zako mbili ni yuro 105. Hawagusi faili mpaka ada iingie, na wakishaanza, ukaguzi huchukua wiki nne hadi sita. Ukilipa kwa benki kupeleka nje kunakula siku, kwa hiyo tarehe yako ya kulipa iwe mapema kuliko ya kupakia nyaraka.

laptopu_ya_mkopo
Ada mimi nililipa kwa kadi ya Visa ya M-Pesa, ile ya ndani ya simu, ikapita siku hiyo hiyo. Acha salio lizidi kidogo kwa ajili ya makato ya kubadilisha fedha, la sivyo inakataa bila kukwambia kwa nini.

BintiNyakato
Jedwali nimeanza. Ila tarehe zinanichanganya. Nimeandika 7/10 inasoma Julai! Na safu ya siku zilizobaki inanipa namba za ajabu.

MzeeWaFomu
Hiyo ni mipangilio. Nenda File, kisha Settings. Kwenye Locale ikiwa United States, kila tarehe inasomwa mwezi kwanza. Weka United Kingdom. Hapo hapo chini kuna Time zone, nayo mara nyingi huwa ya Marekani kama hujaigusa. Weka (GMT+03:00) Nairobi. Kisha rudi uziandike upya tarehe ulizokwisha kuingiza, maana zilizosomwa kimakosa hazijirekebishi.

Sasa suala la saa. Usiandike tarehe tupu. Chevening hufunga saa 12:00 UTC, yaani saa ya kimataifa. Hiyo ni mchana, na kwetu ni saa tisa alasiri. Kuna wanaoona 12:00 wakadhani ni usiku wa manane, na wengine wakadhani ni saa kumi na mbili jioni. Wote wawili wanakuta fomu imefungwa. Weka tarehe safu B, saa ya UTC safu C, na safu D iwe saa yetu:

```
=B2+C2+TIME(3,0,0)
```

Safu E ni muda uliobaki:

```
=D2-NOW()
```

Itakupa siku na sehemu ya siku. Ikionesha tarehe badala ya namba, badilisha muundo wa safu uwe Number.

Jambo moja zaidi, kwa sababu maombi mengi yanaangukia Oktoba na Novemba. Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kabla ya hapo Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa moja, baada ya hapo saa mbili. Uingereza kutoka mbili inakuwa tatu. Ndiyo maana nakwambia uandike kwa UTC, ambayo haibadiliki, badala ya "saa za London".

Mpemba_Muscat
Assalaam alaykum. Mie niko Muscat, huku tuko mbele ya nyumbani kwa saa moja, basi kwenye hiyo TIME niweke 4, siyo?

Na nataka kusema la barua za mapendekezo za walimu, kwani ndilo lililonikuta. Niliomba chuo kimoja, skrini ikaniandikia maombi yamepokelewa, nikakaa. Kumbe mfumo wao huwapelekea walimu kiungo cha kupakia barua baada ya mwombaji kubonyeza kitufe cha mwisho. Mie nilibonyeza usiku wa mwisho, na mwalimu wangu mmoja yuko Unguja, hafungui barua pepe usiku. Kiungo kikaingia kwenye Spam. Chuo kikanijibu faili halikukamilika.

MzeeWaFomu
Waalaykum salaam. Ndiyo, weka 4, na Time zone ya jedwali iwe ya Muscat.

La walimu umelileta mahali pake. Mifumo iko ya aina mbili. Mingine hutuma kiungo mara tu unapoandika imeli ya mwalimu, mingine mpaka uwasilishe. Inaandikwa kwenye maelekezo, na usipoiona waandikie uwaulize. Kwa aina ya pili, siku yako ya mwisho ya kweli ni wiki mbili kabla ya ile iliyotangazwa. Chevening yenyewe ni nafuu hapo, barua mbili zinahitajika ukishaitwa kwenye usaili.

Kwenye jedwali weka safu mbili kwa kila mwalimu, ya siku kiungo kilipotumwa, na ya siku portali ilipoonesha barua imeingia. Hiyo ya pili usiijaze kwa sababu mwalimu kakwambia "nimeshatuma". Ijaze ukiona mwenyewe ndani ya akaunti yako.

laptopu_ya_mkopo
Na imeli ya mwalimu iwe ya chuo. Baadhi ya portali hazikubali za Gmail wala Yahoo kwa mpendekezaji.

Kaka_Mpwapwa
Sasa mwalimu mwenyewe amestaafu, imeli ya chuo wamemfungia. Huyo utamfanyaje?

MzeeWaFomu
Nimeona vyuo vikikubali barua kwa imeli ya kawaida ikiwa na karatasi yenye nembo na mhuri wa idara, na nimeona vingine vikikataa katakata. Andikia udahili uulize kabla hujaandika jina lake kwenye fomu. Ukiwa na mwalimu mwingine aliyepo kazini aliyekufundisha, huyo ni salama zaidi.

BintiNyakato
Mrejesho. Jedwali limekaa, mistari saba. Minne ya Chevening na kozi zake, miwili ya uni-assist, mmoja wa EPOS nimeupaka kijivu wa msimu ujao. Kozi moja ya uni-assist nimeitoa na kuweka nyingine baada ya kuona wanataka 2.0. Mkataba wangu nimeuangalia, ni saa 45 kwa wiki, kwa hiyo zile 2,800 nimeshazivuka kwa mbali. Mwalimu mmoja amekubali, wa pili namwandikia Jumatatu.

Ila nimegundua kitu. Kozi moja ya Uingereza ukurasa wake umeandika maombi yanapokelewa "rolling", hakuna tarehe. Hapo safu B naweka nini?

msomi_Kakamega
Weka tarehe ya Chevening yenyewe, ili yote yaende pamoja.

laptopu_ya_mkopo
Mimi siafiki. Kozi za namna hiyo hujaa. Weka wiki ya kwanza inapofunguliwa.

MzeeWaFomu
Nipo upande wa laptopu, ila kuna vyuo vinataka amana ukishakubaliwa, na ukikubaliwa mapema muda wa amana unaisha kabla hujajua kama Chevening imekupa. Soma kwanza barua yao ya kukubali inasemaje kwa wanaosubiri ufadhili, vingine huongeza muda ukiwaandikia. Ni kozi gani, dada? Tuma jina tuangalie.